Chujio la shawa, shampuu ya kuondoa madini au ndoo ya maji ya mvua: kipi kwa maji magumu ya kisima?

Mtu anayehama Kampala kwenda kuishi Tororo huenda asitambue siku ya kwanza kwamba amebadilisha maji. Kampala hunywa na kuoga maji ya Ziwa Viktoria, yanayosafishwa kwenye mitambo ya Ggaba na Katosi, na maji ya ziwa hilo yana kalsiamu na magnesiamu kidogo tu, kwa hiyo kipande cha sabuni hutoa povu mara tu kinapoguswa. Tororo imezungukwa na miamba yenye chokaa, ile ile inayochimbwa kutengenezea saruji, na nyumba nyingi za pembezoni hutegemea kisima kirefu chenye pampu, au nayikonto, yaani pampu ya mkono ya mtaa. Maji yanayokaa ardhini miaka mingi kando ya miamba ya namna hiyo huyeyusha sehemu yake na kupanda nayo hadi kwenye bomba.

Mdogo wangu alihamia huko na familia yake katika nyumba yenye kisima chake. Haukupita muda mrefu akanipigia simu: “Kaka, nywele zangu zimekuwa kama katani, kitana hakipiti, na mashati meupe ya watoto yanageuka kijivu. Nimeonyeshwa chujio la kufunga kwenye shawa, na mama wa saluni ananiambia ninunue shampuu ya kusafisha kwa kina. Ninunue kipi?” Ulinganisho huu umetokana na swali hilo. Nimeongeza chaguo la tatu ambalo hakuna aliyemtajia, yaani maji ya mvua, kwa sababu katika nyumba nyingi za Uganda ndilo lililo karibu zaidi na mkono.

Kwanza, je, maji yako ni magumu kweli?

Watu wengi huita “maji magumu” maji yoyote ya kisima yanayowaudhi. Kuna matatizo mawili yanayofanana kwa mbali lakini yasiyotibiwa kwa njia moja. La kwanza ni ugumu wenyewe, yaani kalsiamu na magnesiamu. La pili ni chuma, ambacho visima vingi vya Uganda hukipata ardhini au kutokana na mabomba ya mabati yanayoliwa na kutu ndani ya kisima. Chuma hakihitaji kuwa kingi: miligramu 0.3 kwa lita zinatosha kuacha madoa kwenye nguo.

Kuvitofautisha ni rahisi. Jaza maji yaliyotoka kisimani sasa hivi katika chupa ya plastiki inayoonyesha ndani, uyaache wazi hadi kesho yake. Yakigeuka rangi ya chai hafifu na kuweka mashapo ya kahawia chini, hicho ni chuma. Kisha angalia ndani ya birika la umeme: gamba jeupe au la kijivu lililoganda chini, linalotoa viputo likimwagiwa siki, ni dalili ya ugumu. Kisima kimoja kinaweza kuwa na vyote viwili.

Ili kupima ugumu bila maabara, kwangua sabuni ya mche, uyeyushe kijiko kimoja cha chai cha makwangulio hayo katika kikombe cha maji ya mvua yaliyopashwa moto, kisha uchukue chupa mbili zinazolingana. Moja iwe na maji ya kisima, nyingine maji ya mvua, nusu chupa kila moja. Tia matone kumi ya sabuni yako katika kila chupa, ufunge na kuitikisa. Chupa ya mvua itajaa povu. Chupa ya maji magumu itakuwa nyeupe kama maziwa yaliyochujuka, pasipo povu, na utahitaji kuendelea kuongeza matone. Ni lazima iwe sabuni ya mche. Sabuni ya unga ina viambato vinavyokabiliana na ugumu, hivyo itakudanganya. Anayetaka namba atumie vipimo vya matone au vya karatasi. Namba inayotolewa huwa ni miligramu kwa lita: chini ya 60 ni maji laini, kati ya 121 na 180 ni magumu, na zaidi ya 180 ni magumu sana. Kisima cha mdogo wangu kilipimwa kwa matone kikaonyesha 240, na chupa yake ya usiku ilibaki safi bila kubadilika rangi. Tatizo lake, basi, lilikuwa ugumu, si chuma.

Vigezo vya kulinganisha

Nimeyapima machaguo yote kwa maswali matano yaleyale: yanafanya nini kwa nywele, kwa ngozi na kwa nguo; gharama yake hujirudia vipi; na je, yanaendana na jinsi watu wa nyumba hiyo wanavyooga. Swali la mwisho mara nyingi husahaulika, ingawa ndilo linaloweza kufuta mengine yote, kwa kuwa chujio la shawa halimsaidii mtu anayeoga kwa beseni na jerikeni.

Kabla ya kuingia katika vigezo hivyo, ni vizuri kueleza madhara yenyewe kwa kipimo chake halisi. Uso wa unywele una chaji hasi, na kalsiamu ina chaji chanya, kwa hiyo kila unapoosha nywele baadhi ya kalsiamu hushika na kubaki. Nywele zilizotiwa dawa ya kunyoosha, rangi au dawa ya kupausha hushika zaidi, kwa kuwa uso wake umeharibika na una sehemu nyingi zaidi za kushikia. Ukitumia sabuni ya kawaida kichwani, kalsiamu huungana na sabuni na kuwa utando mgumu usioyeyuka, na huo ndio unaohisi kama vumbi la nta unapopitisha vidole. Matokeo yake ni nywele kavu, zisizong'aa, zinazokatika wakati wa kuchanwa. Tafiti zilizopima nguvu ya unywele baada ya kuloweshwa kwa maji magumu hazikukubaliana: baadhi zilikuta nguvu imepungua, nyingine hazikuona tofauti yoyote. Kwa hiyo ninasema kwa uhakika kwamba maji magumu huharibu hali ya nywele kwa mguso na kwa macho, lakini sisemi kwamba ndiyo yanayoleta upara. Tazama nywele zilizobaki kwenye kitana. Vipande vifupi visivyo na mzizi ni nywele zilizokatika, na hapo maji yanaweza kuwa na lawama. Nywele ndefu zenye kijivimbe cheupe mwishoni zimetoka kwenye mzizi, na sababu yake itafutwe kwingine: kusuka kwa kubana, kujifungua miezi michache iliyopita, ugonjwa, lishe.

Kwa ngozi, tatizo kubwa ni utando huohuo wa sabuni unaobaki baada ya kusuuza, ukikausha na kuwasha, hasa kwa mtu mwenye pumu ya ngozi. Kwa nguo, hasara inahesabika. Kila gramu moja ya ugumu huharibu takriban gramu sita za sabuni kabla povu halijaonekana. Beseni la lita 20 lenye maji ya 240 lina karibu gramu 4.8 za ugumu, kwa hiyo gramu 29 hivi za sabuni ya mche hupotea bure, na hazipotei tu bali hugeuka utando wa kijivu unaoingia ndani ya nyuzi za shati. Mashati ya watoto wa mdogo wangu hayakuwa machafu. Yalikuwa yamejaa sabuni iliyokufa.

Chaguo la kwanza: chujio la shawa

Ndani ya chujio la kawaida la shawa huwa na tabaka kadhaa: wavu wa kuzuia mchanga, chembe za aloi ya shaba na zinki, mkaa maalumu, kalsiamu salfiti, na vijiwe vya kauri. Mengine hutangazwa kuwa na hatua kumi na tano. Aloi, salfiti na mkaa hufanya kazi halisi, nayo ni kuondoa klorini. Hakuna kati ya hivyo kinachoondoa kalsiamu wala magnesiamu iliyoyeyuka. (Ukisoma orodha hiyo tena utaona jambo la kuchekesha: chombo kinachonunuliwa kuondoa kalsiamu kimewekewa kalsiamu ndani yake.)

Jambo hili linaleta mkanganyiko wa kipekee kwetu. Maji ya bomba ya Kampala yana klorini lakini ni laini. Maji ya kisima cha Tororo ni magumu lakini kwa kawaida hayana klorini, isipokuwa mwenye nyumba ameitia mwenyewe kwenye tangi. Chujio hilo, kwa hiyo, lina kazi ya kufanya mahali ambapo watu hawalalamikii ugumu, na halina kazi pale wanapoulalamikia.

Yapo machujio machache yenye chembe za resini, na hizo hubadilisha kalsiamu kwa sodiamu, jambo ambalo ndilo hasa linalofanya maji kuwa laini. Tatizo lake ni ukubwa. Mdogo wangu anapooga kwa shawa hutumia takriban lita 6 kwa dakika kwa dakika nane, yaani karibu lita 50. Kwa maji ya 240, lita hizo zina gramu 12 za ugumu. Lita moja ya resini, kwa matumizi ya kawaida, hushika kiasi cha gramu 50 kabla ya kuhitaji kufufuliwa kwa maji ya chumvi, na kifuko kinachoingia ndani ya chujio la shawa kinaweza kuchukua mililita 300 tu. Hiyo ni gramu 15. Kwa maneno mengine, baada ya kuoga mara moja na sehemu ya mara ya pili, resini imeshiba, na kuanzia hapo maji hupita kama yalivyokuja. Mtu aliye tayari kuifufua kwa chumvi kila siku anaweza kufaidika, lakini sijakutana naye.

Kwa nywele: chujio la kuondoa klorini linaweza kuwafaa wenye nywele zilizotiwa rangi wanaotumia maji ya bomba, kwa kuwa klorini hufifisha rangi na kukausha. Kwa maji magumu ya kisima, halibadilishi kitu cha maana.

Kwa ngozi: hata ulainishaji kamili wa maji haujathibitika kuwa tiba. Mwaka 2011 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Uingereza kwa watoto 336, wa umri wa miezi sita hadi miaka 16, waliokuwa na pumu ya ngozi ya kiasi hadi kali. Baadhi yao walifungiwa nyumbani mtambo kamili wa kulainisha maji kwa wiki 12 pamoja na matibabu yao ya kawaida, na hali ya ngozi yao haikuwa bora kuliko ya wale walioendelea na matibabu ya kawaida tu. Ikiwa mtambo mzima haukutofautisha, chujio dogo la shawa haliwezi kuahidi zaidi.

Kwa nguo: halihusiki. Nguo hazifuliwi chini ya shawa.

Kuhusu gharama, ununuzi wa kwanza si mwisho, kwa kuwa moyo wa chujio hubadilishwa kila baada ya miezi kadhaa, na upatikanaji wa kipuri nje ya Kampala si wa uhakika. Kuhusu matumizi, chujio hupunguza kasi ya maji, na nyumba ambayo tangi lake limeinuliwa mita chache tu juu ya bafu itabaki na shawa inayodondosha. Ukiwa na shawa ya umeme inayopasha maji papo hapo, kasi ikishuka sana huenda isiwake kabisa.

Haki ya chujio ni kwamba linazuia mchanga na kutu inayoelea, na kwa kisima chenye mashapo hilo si dogo. Anayelifikiria alijaribu kwanza kwa kipimo cha chupa: nusu chupa ya maji kabla ya chujio, nusu chupa ya maji yaliyopita ndani yake, matone ya sabuni ya mche yaliyo sawa. Povu likilingana, ugumu haukuguswa, hata kama kasha linasema vingine.

Chaguo la pili: shampuu ya kusafisha kwa kina

Jina hili linabeba bidhaa mbili tofauti, na muuzaji mara nyingi hazitofautishi. Ya kwanza ni shampuu yenye visafishaji vikali, iliyokusudiwa kuondoa mafuta, jeli na mabaki ya bidhaa za nywele. Hiyo huondoa utando wa juu, lakini kalsiamu iliyoshika kwenye unywele wenyewe hubaki kwa sehemu kubwa. Ya pili ina viambato vinavyokamata madini na kuyashikilia ndani ya maji hadi yasuuzwe. Hii ya pili ndiyo inayohitajika.

Namna ya kuitambua ni kusoma orodha ya viambato nyuma ya chupa. Tafuta herufi EDTA, ambazo kwa kawaida hutanguliwa na neno la disodiamu au tetrasodiamu, au utafute sodiamu glukonati, asidi ya fitiki au asidi ya sitriki. Mahali kiambato kinapokaa kina maana, kwa sababu orodha huanza na kilicho kingi. EDTA iliyoandikwa mwishoni kabisa, baada ya manukato, imewekwa kuisaidia shampuu isiharibike chupani, nayo ni kidogo mno kuweza kusafisha nywele. Ikiwa karibu na katikati ya orodha, au ikiandamana na viambato vingine viwili vya kundi hilo, kuna matumaini.

Kwa nywele: hapa ndipo shampuu hii inaposhinda chujio, kwa kuwa inaondoa kilichokwisha kushika badala ya kujaribu kukizuia njiani. Mdogo wangu aliitumia hivi. Alilowesha nywele vizuri, akapaka shampuu hasa kwenye urefu wa nywele na si kwenye ngozi ya kichwa tu, akaiacha dakika tano, akasuuza, akarudia mara moja, kisha akapaka kondishona na kuiacha dakika kumi. Suuza ya mwisho aliifanya kwa lita tatu za maji ya mvua. Alifanya hivyo kila wiki kwa wiki tatu, kisha mara moja kila wiki tatu au nne. Baada ya mara ya pili kitana kilianza kupita.

Kuna mipaka. Nywele za kipilipili ni kavu kwa asili, kwa kuwa mafuta ya ngozi ya kichwa hayashuki kwa urahisi kwenye mizunguko yake, na shampuu hii huondoa mafuta pamoja na madini. Anayeitumia kila anapooga atabadilisha ukavu wa chokaa kwa ukavu wa kuoshwa kupita kiasi, na kwa mguso hali hizo mbili hufanana. Hutofautishwa hivi: ukavu wa chokaa hurudi polepole kadiri siku zinavyopita tangu ulipoosha, ukavu wa shampuu huwa mbaya zaidi siku ileile uliyoosha. Inafifisha pia rangi ya nywele. Aliyetoka kutia dawa ya kunyoosha aimalize kwa shampuu ya kuzimulia dawa hiyo aliyopewa, na aiache hii ya madini hadi ngozi ya kichwa itulie. Mwenye misuko au wigi iliyoshonwa asubiri kufumua, kwa kuwa shampuu isiyosuuzika vizuri chini ya misuko itamwasha.

Kwa ngozi: haina msaada, na povu lake kali likiteremka mgongoni linaweza kuongeza ukavu. Kwa mwenye ngozi inayowasha, hatua yenye maana zaidi ni kuacha sabuni ya kipande na kutumia ya kuogea isiyo sabuni halisi, kwa kuwa hiyo haitengenezi utando na kalsiamu, kisha kupaka mafuta mazito kama ya shea ya kaskazini wakati ngozi bado ina unyevu.

Kwa nguo: haihusiki.

Kuhusu gharama, chupa moja inayotumiwa mara moja kwa mwezi hukaa muda mrefu, na hakuna kipuri cha kutafuta. Inafaa kwa anayeoga kwa beseni sawasawa na anayeoga kwa shawa, na hata kwa mpangaji asiyeruhusiwa kugusa mabomba. Kwa asiyeipata, siki ya mezani ni mbadala wa wastani: vijiko viwili vya chakula katika lita moja ya maji laini, imiminwe nyweleni baada ya kuosha, ikae dakika mbili, isuuzwe. Asidi hiyo huvunja utando wa sabuni, ingawa si kwa nguvu ya EDTA. Isitumiwe kwenye kichwa chenye vidonda, na isichanganywe kamwe na jiki, kwani mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini inayochoma mapafu.

Chaguo la tatu: maji ya mvua

Mvua haina kalsiamu ya kutajwa. Sehemu kubwa ya Uganda hupata misimu miwili, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, na paa la mabati lenye mfereji na tangi au pipa linatosha kwa kazi hii, kwa kuwa hatuzungumzii kuoga kwa maji ya mvua mwaka mzima. Tunazungumzia suuza ya mwisho. Kichwa chenye nywele za kati kinahitaji lita tatu hadi tano. Mtu anayeosha nywele mara moja kwa wiki anahitaji jerikeni moja ya lita 20 kwa mwezi, naye akiziba vizuri jerikeni nne atavuka kiangazi chote.

Kwa nywele, suuza hiyo huzuia kalsiamu mpya isikauke juu ya unywele, lakini haiondoi iliyokwisha kushika. Ndiyo sababu inaandamana vizuri na shampuu ya madini. Kwa ngozi, inapunguza utando wa sabuni kwa yule anayesuuzia mwili kwa lita chache. Kwa nguo, hapa ndipo inapoyazidi machaguo mengine yote, kwa kuwa mashati meupe yakifuliwa na kusuuzwa kwa maji ya mvua hayapati ule ukijivu. Gharama yake iko kwenye tangi na mfereji, mara moja. Udhaifu wake ni kiangazi, na uchafu wa paa: acha mvua ya kwanza ioshe vumbi na kinyesi cha ndege, kisha ndipo ukinge. Mpangaji asiye na mfereji anaweza kukinga kwa beseni chini ya ukingo wa paa, kama mama zetu walivyofanya.

Nguo zinahitaji tiba yake

Kwa kuwa chujio na shampuu vyote havigusi nguo, ni haki kusema kinachozigusa. Siku ambazo hakuna maji ya mvua, kijiko kimoja cha chai, kilichojaa kidogo, cha magadi ya kufulia katika beseni la lita 20 za maji ya 240 kinatosha kuiangusha kalsiamu. Koroga, uache nusu saa, umimine maji ya juu bila kutibua mashapo meupe yaliyotua, ndipo utie sabuni. Maji ya namna hii hukausha mikono, na hayafai kwa sufi wala hariri. Njia nyingine ni kuacha sabuni ya mche kwa nguo nyeupe na kutumia sabuni ya unga, ambayo imewekewa tayari viambato vya kupambana na ugumu. Kuchemsha maji huondoa sehemu ya ugumu, ile inayotokana na bikaboneti, lakini kuni au mkaa wa kuchemshia lita 20 ni gharama isiyo na sababu wakati magadi yapo.

Kwa kisima cha chuma mambo hugeuka. Hapo jiki ni adui, kwa kuwa hugandisha chuma kilichoyeyuka kikawa kutu ndani ya nguo, na shati lililolowekwa ili ling'ae hutoka na mawingu ya njano. Maji hayo yamiminwe kutoka chombo hadi chombo ili yapate hewa, yaachwe usiku kucha, kisha ya juu ndiyo yatumike. Doa lililokwisha kuingia hujibu kwa maji ya limau yaliyopakwa na kuachwa juani, kisha kusuuzwa.

Kuchagua kwa hali yako

Ukiwa Kampala kwenye maji ya bomba na nywele zako ni kavu, ugumu si wa kulaumiwa. Chujio la klorini ni la hiari, na lina maana zaidi ikiwa umetia rangi. Shampuu ya madini huihitaji, isipokuwa unaogelea mara kwa mara.

Ukiwa kwenye kisima kigumu, unaoga kwa beseni au kwa shawa yenye maji hafifu, na lalamiko lako ni nywele, anza na shampuu yenye EDTA pamoja na jerikeni ya mvua ya kusuuzia. Ikiwa nywele ni za asili, hazijatiwa dawa, na umehamia karibuni, jaribu mvua na siki pekee kwa mwezi mmoja kabla ya kununua chochote.

Ikiwa lalamiko ni ngozi ya mtoto inayowasha, fedha ya chujio iende kwenye sabuni laini, mafuta na ada ya kumwona daktari wa ngozi.

Ikiwa lalamiko ni mashati, nunua mfereji wa paa au magadi.

Ikiwa kisima kinatoa mchanga au kutu, chujio linafaa, lakini liwekwe kwenye bomba linaloingia nyumbani badala ya kwenye shawa moja.

Na ikiwa nyumba ni yako, tangi liko juu, na ugumu unaharibu pia birika na hita ya maji, ndipo mtambo kamili wa resini unapostahili kuzungumzwa. Mtambo wenye lita 25 za resini unaweza kulainisha karibu lita 5,200 za maji ya 240 kabla ya kuhitaji chumvi, ambazo kwa nyumba inayotumia lita 400 kwa siku ni siku 13 hivi. Bomba la maji ya kunywa na la bustani yaachwe nje ya mtambo, kwa kuwa maji yaliyolainishwa hubeba sodiamu zaidi.

Mdogo wangu hakununua chujio. Alinunua shampuu, akamwomba mwenye nyumba aweke mfereji upande mmoja wa paa, na mashati ya watoto huyalowesha kwenye maji ya magadi kila Jumamosi. Nywele zimelainika. Mashati mawili ya zamani hayakurudi kuwa meupe, na sasa huvaliwa siku za michezo.